Barua ya wazi kwa viongozi wa klabu za soka za vijana Lamu: ripoti ya mchezaji aliyegongwa kichwa

Kwa wenyeviti na makatibu wa klabu, na kwa maafisa wa michezo wa kaunti,

Asalaam aleikum, na salamu kwenu nyote.

Tunawaandikia kuhusu karatasi moja tu: ripoti anayoiandika kocha mchezaji anapogongwa kichwa mazoezini. Kifundo kikivimba au mkono ukivunjika, hakuna anayebishana na kocha, kwa sababu kila mtu anaona. Kichwa ni jambo jingine. Kijana anainuka, anajipangusa mchanga, anasema yuko sawa na anataka kurudi kucheza. Kinachofika ofisini ni sentensi moja: "Aligongwa kidogo, hakuzimia, anaendelea vizuri." Nyumbani huenda hakifiki kitu.

Tazameni sentensi hiyo. "Kidogo" ni kipimo ambacho kocha hana chombo cha kukipimia. Ukubwa wa pigo hauonyeshi ubongo umetikisika kiasi gani. Hata pigo la kifuani linaloyumbisha kichwa ghafla linaweza kuutikisa. "Hakuzimia" huandikwa kama ushahidi wa usalama, ilhali katika kila watu kumi wanaopata mtikisiko wa ubongo, hafiki hata mmoja anayepoteza fahamu. Na "anaendelea vizuri" ni utabiri. Dalili nyingine hujitokeza baada ya dakika kadhaa, nyingine baada ya saa kadhaa, wakati kijana ameshafika kwao na kocha ameshalala.

Ripoti inayofaa haisemi mchezaji ana ugonjwa gani. Inasema kilichoonekana, kilichosikika, saa ngapi, na kilichofanywa. Hukumu ni ya daktari. Mfano ufuatao tumeutunga, lakini kila kilichomo ni cha kawaida viwanjani mwetu. Mchezaji ni beki wa miaka 16, kwao Matondoni, anafanya mazoezi mjini Lamu baada ya swala ya Alasiri.

"Jumanne, saa 11:20 jioni. Zoezi: krosi kutoka pembe zote mbili, mipira miwili, wachezaji 9 ndani ya boksi. Beki aliruka kuupiga kwa kichwa mpira uliotoka kulia. Mshambuliaji aliufuata uliotoka kushoto. Paji la uso la mshambuliaji lilimpiga beki juu ya sikio la kulia. Beki alianguka ubavu bila kujikinga kwa mikono. Alilala kama sekunde 5 bila kusogea, macho wazi. Mwili haukutetemeka. Aliinuka mwenyewe, akapepesuka hatua tatu, akaelekea goli lisilo lake."

Hakuna neno "kidogo" hapo, wala "vibaya". Lakini daktari akisoma kwamba kijana alianguka bila kutanguliza mikono, akalala bila kusogea, kisha akapepesuka, ana dalili tatu ambazo hawezi kuziona mwenyewe, kwa sababu mpaka kijana afike kwake zitakuwa zimekwisha. Kocha ndiye aliyekuwapo. Asipoziandika, zimepotea.

Ripoti inaendelea na maswali, na hapa ndipo makocha wengi huandika tu "alikuwa na fahamu zake". Yafaa kuandika swali na jibu kama lilivyotamkwa. Maswali yenyewe ni ya mambo ya karibuni, yale ambayo ubongo uliotikisika hushindwa kuyakamata. Jina lake na jina la mama yake hayasaidii. Hayo hata aliyechanganyikiwa huyajibu.

"Tuko uwanja gani? Alijibu sawa. Kabla ya krosi tulikuwa tukifanya zoezi gani? 'Mbio, nadhani.' (Lilikuwa pasi fupi.) Mechi iliyopita tulicheza na nani? Alijibu sawa. Tulishinda? 'Ndiyo.' (Tulitoka sare.) Kati ya saa 11:25 na 11:35 aliuliza mara tatu 'Nani kanigonga?' na kila mara alijibiwa."

Lile swali lililorudiwa mara tatu lina uzito kuliko yote yaliyotangulia. Mtu anayeuliza jambo aliloambiwa dakika mbili zilizopita haliwekei kumbukumbu. Wenzake hulifanya la kucheka, kocha aliandike.

Sehemu inayofuata ni ya yaliyofanywa. Alitolewa nje na hakurudishwa siku hiyo, hata aliposema kichwa kimepoa. Hapo hapakuwa na mjadala: anayeshukiwa kuwa na mtikisiko wa ubongo haendelei na mazoezi siku ile ile. Aliulizwa kama shingo inauma, na kama anahisi ganzi au mchomo mikononi au miguuni. Alikana yote. Kama angekuwa bado chini na kusema ndiyo, asingeinuliwa wala kugeuzwa. Mtu mmoja angemshikilia kichwa kisicheze, mwingine angeita msaada, na wote wangeangalia kama anapumua. Kumnyanyua kwa makwapa na kumburuta mpaka kivulini, kama tulivyozoea kuona, ni kuhatarisha uti wa mgongo ikiwa shingo ndiyo iliyoumia.

Kisha aliangaliwa kila baada ya dakika 15, na mtu mmoja alikaa naye muda wote. Ripoti ina mistari minne: saa 11:20, 11:35, 11:50 na 12:05. Kila mstari una mambo manne tu, yaani maumivu ya kichwa kwa kipimo cha 0 hadi 10 alichokitaja mwenyewe, kutapika, macho (anaona mawili au la), na anavyojibu. Maumivu yalikuwa 4, 4, 3, 3. Hakutapika. Hakuona viwili. Saa 11:35 alikuwa bado anajibu polepole na kurudia maswali.

Thamani ya mistari hiyo iko katika kulinganisha. Nambari 4 peke yake haisemi kitu, maana kijana mmoja huita 4 kile ambacho mwingine anaita 7. Lakini 4 ikiwa 5, kisha 6, ni maumivu yanayopanda, na hiyo ni hatari hata kama mchezaji anatembea na kuzungumza. Damu inayovuja taratibu ndani ya fuvu huanza hivyo. Kwa hiyo yakionekana maumivu makali au yanayoongezeka, kutapika, kuona viwili, degedege, kuzimia, usingizi unaozidi, ghasia au hasira asiyokuwa nayo, au udhaifu wa mkono au mguu, hakuna kungoja mstari unaofuata. Anapelekwa hospitali papo hapo.

Kijana wa mfano wetu hakuwa na maumivu yanayopanda, lakini kuchanganyikiwa kulikodumu dakika 15 kulitosha. Saa 11:40 kocha alimpigia simu mzazi na katibu, na kabla ya Magharibi kijana alikuwa njiani kwenda Hospitali ya King Fahd, akiwa na kocha msaidizi na nakala ya ripoti mkononi. Huko alichunguzwa na kuruhusiwa, akiwa na maelekezo ya kuangaliwa.

Hapo jiografia yetu inaingia, na fomu za kuigwa kutoka bara haziigusi. Ripoti lazima ijibu: usiku huu atalala wapi, na nani, na kutoka hapo hospitali inafikika vipi saa nane za usiku? Kijana wetu hakurudi Matondoni. Alilala Langoni kwa shangazi yake, kwa sababu hali ikibadilika usiku, kutoka Langoni anabebwa kwa dakika chache. Mchezaji wa Manda anahitaji boti, na jina la nahodha aliyekubali kuamshwa liandikwe. Aliyetoka Pate kwa mechi ya kirafiki asirudishwe usiku ule kabisa: maji yakipwa, boti nyingi hazipiti Mkanda, na kichwa hakingoji maji kujaa.

Jambo dogo, lakini limewahi kuleta mkanganyiko katika karatasi nyingi: kocha huandika saa 11:20, na hospitali huandika 17:20. Anayesoma kesho anaweza kudhani zimepita saa sita kati ya pigo na uchunguzi. Andikeni "jioni", "usiku" au "asubuhi" kila mara, na katika nakala ya hospitali wekeni saa zote mbili.

Sasa familia. Kuna mazoea ya kuwa na maneno mawili: ya ofisini na ya nyumbani. Ofisini huandikwa zoezi na majina, nyumbani huambiwa "kaangukaanguka tu, Mama, usiwe na wasiwasi." Tunaomba ripoti iwe moja. Mama apate ukurasa ule ule ambao mwenyekiti ameupata, asomewe kama hasomi, na aulizwe kama ana swali. Katika mfano huu shangazi ndiye atakayekesha, kwa hiyo yeye naye asomewe. Si haki kumkabidhi mgonjwa mtu ambaye hajui anaangalia nini.

Nyuma ya ukurasa huo kuna maelezo ya nyumbani, na yaandikwe kwa namna hii: Asiachwe peke yake, hasa saa tatu za mwanzo. Anaweza kulala. Imani kwamba aliyegongwa kichwa asilale huwachosha watu bure. Ubongo unahitaji usingizi. Kinachotakiwa ni mtu wa kulala chumba kimoja naye, amsikie kama anapumua kawaida. Akiamshwa na asiamke, au akiamka na kushindwa kusema, ni hospitali mara moja. Daktari akiagiza aamshwe kwa saa maalumu, fuateni la daktari.

Kwa maumivu, parasetamoli kwa kiasi cha umri wake. Asipewe aspirini, wala brufeni, wala diklofenaki katika siku hizi za mwanzo bila ruhusa ya daktari, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuzidisha uvujaji wa damu ikiwa upo. Shingo na kichwa visichuliwe kwa mafuta. Muguka na miraa asiguse, vinamnyima usingizi. Asiendeshe pikipiki, na asiende kuruka majini pale gatini na wenzake: kizunguzungu kikimkuta ndani ya maji, hakuna wa kukiona.

Siku mbili za mwanzo apumzike, lakini si kufungiwa chumbani gizani. Kutembea hadi msikitini na kurudi kunafaa ikiwa hakuzidishi maumivu. Simu ipunguzwe. Baada ya hapo arudi shule na madrasa kwa vipindi vifupi kwanza, na mwalimu ajulishwe, kwa sababu kijana huyu atasoma ukurasa mara mbili bila kuushika na ataonekana mvivu. Kusoma kwa siku nzima bila kichwa kuuma kutangulie mpira wa ushindani.

Mara nyingi familia huuliza kwa nini hakupigwa picha ya kichwa. Picha ya komputa hutafuta damu na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wenyewe hauonekani humo. Kwa hiyo picha safi haimaanishi kwamba anaweza kurudi uwanjani Ijumaa, na mwenyekiti asiitumie kumshinikiza kocha.

Hapa tunakuja penye ugomvi: lini anarudi? Wataalamu wa michezo waliokutana Amsterdam Oktoba 2022 walipanga hatua sita. Kwanza shughuli za kawaida za nyumbani. Pili mazoezi mepesi ya pumzi, kutembea kwa kasi na kisha mbio za taratibu. Tatu mazoezi ya mpira akiwa peke yake: kukimbia na kugeuka, bila nafasi ya kugongwa. Nne mazoezi na wenzake bila kugusana. Tano mazoezi kamili. Sita mechi. Kila hatua angalau saa 24. Maumivu yakipanda zaidi ya alama 2 katika ile 0 hadi 10, au yakidumu zaidi ya saa moja, anasimama na kujaribu tena siku inayofuata. Kabla ya hatua ya nne dalili ziwe zimekwisha kabisa na daktari awe ameruhusu.

Kwa klabu isiyo na daktari wake, kama zetu zote, kuna kanuni rahisi zaidi ambayo Uingereza ilitoa mwaka 2023 kwa michezo ya mitaani, nasi tunaomba muichukue. Siku ya kuumia ni siku ya 0. Hakuna mechi kabla ya siku ya 21, na hakuna mazoezi ya kugusana mpaka zipite siku 14 mfululizo bila dalili yoyote akiwa amepumzika. Masharti yote mawili yatimie.

Mhesabuni kijana wetu. Kichwa kilimuuma mara ya mwisho siku ya 6. Siku safi ni kuanzia ya 7 hadi ya 20, jumla 14. Mazoezi kamili siku ya 21, mechi si kabla ya siku ya 22. Kama kichwa kingemuuma mpaka siku ya 10, siku safi zingeanza ya 11 na kwisha ya 24. Mazoezi kamili siku ya 25, mechi kuanzia ya 26. Kwa hiyo tarehe ya kurudi haiwezi kuandikwa siku ya ajali. Pale penye nafasi ya "atarudi lini", ripoti ya kwanza iandike: "Haijulikani, si kabla ya siku ya 21." Kocha anayeahidi tarehe Jumanne ile ameshajifunga, na kijana naye ameshajua ni siku gani aache kulalamika.

Na vijana huficha. Anajua kuna fainali, anasema sifuri. Kwa sababu hiyo sehemu ya pili ya ripoti, ile ya kufuatilia, ijazwe na watu wawili: mchezaji mwenyewe na mtu wa nyumbani. Shangazi akiandika kwamba bado anafunika macho kwa mwanga wa taa, jibu lake ndilo linalohesabiwa. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona laweza kuuvimbisha kwa kasi kwa vijana. Hutokea kwa nadra, lakini likitokea linaweza kuua, na dawa yake pekee ni kutomrudisha mapema.

Tumebakiza sababu. Ripoti yetu haikumalizia kwa "bahati mbaya". Inasema: mipira miwili hewani kwa wakati mmoja, wachezaji 9 ndani ya boksi, kila mmoja akitazama mpira wake, mwanga ukipungua. Beki na mshambuliaji hawakugombea mpira mmoja. Hakuna aliyemwona mwenzake. Marekebisho yanatoka humo moja kwa moja: mpira mmoja kwa wakati, krosi ya pili isipigwe mpaka ya kwanza iondolewe, na mazoezi ya vichwa yafanyike mwanzoni, kabla watu hawajachoka. Maneno hayo hayawezi kuandikwa na kocha anayejua kwamba yatasomwa kwenye kikao cha kumfukuza. Tunaomba kamati iamue kwa maandishi kwamba sehemu ya sababu inatumika kubadilisha mazoezi. Uzembe wa makusudi una njia zake za nidhamu, na hizo zisichanganywe na karatasi hii.

Tunaomba pia ripoti isipigwe picha na kutupwa kwenye kundi la simu la mashabiki. Ni habari za afya za mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu kuwa za kulindwa zaidi. Nakala ni tatu: ya familia, ya faili la katibu, na ya hospitali. Kwenye kundi inatosha kusema kwamba mchezaji hatakuwapo mazoezini.

Gharama ya yote haya ni ndogo. Fomu ya ukurasa mmoja, mbele na nyuma, iliyochapwa nakala 20 na kuwekwa kwenye mfuko wa mipira pamoja na kalamu mbili. Nauli ya dharura ya boti iliyotengwa mkononi mwa katibu, isiyongoja saini ya mweka hazina. Namba za wazazi kwenye karatasi, si kwenye simu ya kocha mmoja ambayo huenda imezima. Na mtu mmoja katika kila klabu, asiye kocha mkuu, mwenye mamlaka ya kusema "huyu hachezi leo" na neno lake lisipingwe na yeyote aliye kwenye benchi.

Rasimu ya fomu tumeiambatanisha. Tunaomba ijadiliwe kabla ya ratiba ya mechi za vijana kutolewa, na mahali mnapotaka kuibadilisha, mbadilishe maneno lakini muache mistari minne ya saa na ile ya "atalala wapi, na nani".

Wenu katika michezo,
Makocha wa soka la vijana, Lamu